Otomata ya umbo la mti, na sababu ya kila lugha yenye kikomo kuwa regula

Katika nadharia ya otomata, lugha ni seti tu ya maneno, na neno ni mfuatano wowote wa herufi, uwe na maana au usiwe nayo. Lugha huitwa regula ikiwa ipo otomata, yaani mashine ya kufikirika inayohama kutoka hali moja hadi nyingine kwa kila herufi, yenye idadi ya hali iliyo na kikomo, inayoweza kusoma neno herufi baada ya herufi, bila kurudi nyuma, na mwishoni ikaamua sawasawa kama neno hilo limo kwenye seti au halimo. Dai ni kwamba idadi ya maneno ya seti ikiwa na kikomo, otomata kama hiyo haikosekani kamwe. Uthibitisho ninaoupenda ni ule wa kuijenga hasa.

Tuchukue seti ya maneno manne: `soma`, `somo`, `soko`, `sokoni`. Kanuni ya ujenzi ni moja: kila kipande cha mwanzo cha neno lolote lililomo kinapewa hali yake. Tunaanza na mzizi, ambao ni kipande kitupu, yaani hakuna kilichosomwa bado. Kutoka mzizini herufi `s` inatupeleka hali `s`, kisha `o` inatupeleka `so`. Hapo mti unagawanyika: `m` inaelekea `som`, na `k` inaelekea `sok`. Tawi la `som` linazaa `soma` na `somo`. La `sok` linazaa `soko`, kisha `sokon`, kisha `sokoni`. Ukihesabu pamoja na mzizi, hali ni 10. Ongeza moja ya mtego: herufi yoyote isiyo na njia inatupwa humo, na aliyeingia hatoki, kwa kuwa kila herufi inamrudisha mlemle.

Zimebaki hali za kukubali, yaani zile ambazo neno likiishia hapo linakubaliwa, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Wanaona mti, wanadhani majani ndiyo pekee ya kukubali. Lakini `soko` si jani, mti unaendelea kupita hapo hadi `sokoni`, na bado `soko` ni neno la seti. Kwa hiyo hali ya kukubali ni ile ambayo kipande chake chenyewe ni neno lililomo, basi. Ukisahau hilo, otomata yako itakataa `soko` huku ikikubali `sokoni`. Jaribu `sokon`: unafika hali halali, ila si ya kukubali, neno linakataliwa. Jaribu `somea`: ukiwa `som`, herufi `e` haina njia, unaangukia mtegoni.

Kwa nini ujenzi huu haukosei? Kwa sababu hali uliyopo inakuambia kila kitu ulichosoma. Ukiwa nje ya mtego, jina la hali ndilo maandishi yenyewe uliyopitia, kwa hiyo neno linakubaliwa pale tu linapokuwa mwanachama wa seti. Nazo hali haziwezi kukosa kikomo: neno lenye herufi n linaongeza hali zisizozidi n, basi jumla haizidi idadi ya herufi zote za maneno yote, na mbili zaidi kwa ajili ya mzizi na mtego. Kwetu herufi ni 18, kikomo ni 20, nasi tumetumia 11 kwa kuwa maneno yanachangia mianzo. Seti tupu nayo ina otomata yake: mzizi usiokubali, na mtego.

Mti si lazima uwe otomata ndogo kuliko zote. `soma`, `somo` na `sokoni` ni hali za kukubali zisizo na njia ya kuendelea, hivyo zinaweza kuunganishwa kuwa moja, na 11 zikawa 9. Uthibitisho hauhitaji udogo huo. Unahitaji kikomo tu.

Kikomo hicho ndicho kinachobeba hoja nzima. Chukua maneno yenye `a` kadhaa yakifuatiwa na `b` idadi ileile: `ab`, `aabb`, `aaabbb`, na kuendelea. Ukiishia `a` 1,000, seti ina kikomo, mti unajengeka, lugha ni regula. Ukiondoa mpaka, mti unahitaji hali zisizo na mwisho, na imethibitishwa kuwa hakuna otomata nyingine yoyote yenye hali za kikomo inayoiweza lugha hiyo. Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba kila neno peke yake ni regula, basi muungano wake ni regula: muungano huo unaruhusiwa mara zenye kikomo tu, la sivyo kila lugha duniani ingekuwa regula. Kinyume cha dai nacho si kweli. Lugha ya `a` zozote, hata sifuri, haina kikomo, lakini hali moja ya kukubali yenye mshale wa `a` unaojirudia inaitambua yote.