Umeme Unavyosafiri Kutoka Mtamboni Hadi Nyumbani

Waya unaoingia nyumbani kwako haufiki kwenye mtambo unaofua umeme. Ukiufuata kurudi nyuma, kutoka kwenye mita hadi nguzoni, na kutoka nguzo hadi nguzo mpaka kwenye transfoma ya mtaa, utakuta umeishia humo ndani: umezungushwa mara nyingi kwenye kipande cha chuma, basi. Waya unaotoka upande wa mtamboni nao umeishia humohumo, na hizo nyaya mbili hazigusani. Hata hivyo taa yako inawaka.

Tuanzie mtamboni. Maji yanayoporomoka, au mvuke wenye nguvu, huzungusha tabaini, na tabaini huzungusha jenereta. Ndani ya jenereta kuna sumaku inayozunguka katikati ya nyaya zilizosukwa kuizingira. Ncha moja ya sumaku ikipita mbele ya waya, umeme husukumwa upande mmoja. Ncha ya pili ikipita, husukumwa upande wa pili. Katika nchi nyingi mwendo huu wa kwenda na kurudi hutokea mara 50 kila sekunde, na katika nyingine mara 60. Kwa hiyo chembe za umeme zilizo ndani ya waya hazisafiri kutoka mtamboni kuja kwako. Hutikisika tu papo hapo zilipo. Kinachosafiri ni nguvu, kama vile mtu akivuta na kusukuma ncha moja ya msumeno mrefu, na ncha ya pili ikakata mti.

Hapa yafaa tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya sana. Volti hupima msukumo wa umeme. Ampea hupima wingi wa umeme unaopita. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani nguvu inayofika na kufanya kazi. Wati zilezile unaweza kuzipata kwa volti chache na ampea nyingi, au kwa volti nyingi na ampea chache. Kwa taa, hiyo si tofauti kubwa. Kwa waya unaovuka mabonde na milima, hiyo ndiyo tofauti yote.

Waya wowote huuzuia umeme kidogo, na kizuizi hicho hupimwa kwa omu. Umeme unaozuiwa hugeuka joto na kupotelea hewani. Ili kujua wati zinazopotea, unazidisha ampea kwa ampea, kisha kwa omu. Angalia kwamba ampea zimeingia mara mbili: zikiongezeka mara 10, hasara inaongezeka mara 100.

Tuchukue mfano. Tunataka kupeleka wati 10,000 umbali wa kilomita moja hivi, kwa waya wa alumini ambao kwenda na kurudi una kizuizi cha omu 1. Tukizituma kwa volti 230, zile zinazotumika nyumbani, tutahitaji ampea 43 na nusu. Hasara yake ni karibu wati 1,900, takriban sehemu moja kati ya tano ya tulichotuma, na huko mwisho volti zitafika 186 tu. Taa itafifia na friji itahangaika kuwaka. Sasa tutume wati hizohizo kwa volti 11,000. Ampea zinashuka hadi 0.9, na hasara inakuwa chini ya wati 1. Waya ni uleule, umbali ni uleule.

Ndiyo sababu umeme hauachwi utoke mtamboni ulivyo. Jenereta hutoa volti elfu kadhaa, na palepale nje kuna transfoma kubwa inayozipandisha hadi 132,000, 220,000 au 400,000, kutegemea umbali na wingi wa umeme. Hapo ndipo nyaya hupanda kwenye ile minara mirefu ya chuma. Msukumo mkubwa kiasi hicho unaweza kuruka hewani hadi kwenye chuma cha mnara, kwa hiyo waya haufungwi moja kwa moja kwenye mnara, bali huning'inizwa kwa mnyororo wa vikombe vya kauri au vya kioo. Siku nyingine ukipita karibu, tazama urefu wa mnyororo huo: kadiri volti zilivyo nyingi, ndivyo unavyokuwa mrefu.

Umeme ukikaribia mji huingia kwenye kituo cha kupoza umeme, ambako hushushwa hadi volti 33,000 au 11,000, kisha hupita barabarani kwenye nguzo za kawaida mpaka kwenye transfoma ya mtaa.

Transfoma hii ndiyo ile tuliyoanza nayo. Waya wa volti 11,000 umezungushwa kwenye chuma mara nyingi, na kwa kuwa umeme wake unakwenda na kurudi, chuma kinageuka sumaku, kinapoteza usumaku, kinageuka tena kinyume, bila kutulia. Usumaku huo unaobadilikabadilika husukuma umeme mpya kwenye waya wa pili uliozungushwa kwenye chuma hichohicho. Ule mvumo unaousikia chini ya transfoma ni chuma kinachotikiswa na mabadiliko hayo. Umeme wa betri, ambao husukuma upande mmoja tu, usingevuka hapa. Waya wa pili ukizungushwa mara moja kwa kila mizunguko 48 ya ule wa kwanza, volti 11,000 zinatoka zikiwa takriban 230. Ampea nazo zinapanda kwa kiasi hichohicho, na ndiyo maana nyaya zinazoshuka kuingia kwenye transfoma ni nyembamba, na zile zinazotoka kwenda majumbani ni nene.

Zinazotoka huwa nne: fezi tatu, yaani nyaya zinazoleta msukumo, na nyutro moja, yaani waya wa kurudishia umeme. Kati ya fezi yoyote na nyutro kuna volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna 400. Nyumba ya kawaida hupewa fezi moja na nyutro. Wewe unaweza kuwa kwenye fezi ya kwanza na jirani yako kwenye ya pili, ila nyutro ni ya nyote. Ndiyo maana mara nyingine kwako ni giza na kwa jirani taa zinawaka: fyuzi ya fezi yako pekee imekatika.

Hilo ni usumbufu tu. La kuogopa ni nyutro kukatika nguzoni. Tuseme kwako inawaka televisheni ya wati 100, na kwa jirani wa fezi ya pili pasi ya wati 1,000. Nyutro ikikatika, umeme unatafuta njia kupitia vyombo vyenu viwili vikiwa vimefuatana, na vyote vinagawana zile volti 400. Mgawanyo hauwi sawa, kwa kuwa chombo kidogo ndicho chenye kizuizi kikubwa. Pasi inabaki na volti kama 36 na kupoa. Televisheni inapata kama 364 na kuungua.

Dalili yake ni hii: ghafla taa za nyumba moja zinang'aa kupita kiasi wakati za jirani zinafifia, na kila mtu anapowasha au kuzima kitu, mwanga kwenye nyumba nyingine unabadilika. Ukiona hivyo, usichomoe kifaa kimoja kimoja. Zima swichi kuu kwanza, waambie majirani nao wazime, kisha piga simu kwa mafundi wa shirika la umeme na uwaambie wazi kwamba nyutro imekatika.