Kukadiria sini karibu na sifuri: polinomia ya digrii ya tatu inaaminika hadi wapi?

Polinomia huhitaji kujumlisha, kutoa na kuzidisha tu, ilhali thamani ya sini kwa pembe isiyo ya kawaida haipatikani kwa njia hizo moja kwa moja. Kwa hiyo pembe inapokuwa ndogo, wanahisabati hutumia polinomia fupi mahali pa sini, na iliyozoeleka zaidi ni hii:

sin x ≈ x − x³/6

Hapa x ni pembe iliyopimwa kwa radiani, si kwa nyuzi. Ili kubadili nyuzi kuwa radiani, zidisha kwa π kisha gawanya kwa 180. Anayesahau sharti hili akaandika 30 kwa pembe ya nyuzi 30 atapata −4470, na kosa lake litaonekana mara moja, kwa kuwa sini haizidi 1 wala haishuki chini ya −1.

Kijumbe cha kwanza kinatokana na ukweli kwamba karibu na sifuri grafu ya sini hufanana na mstari mnyoofu ambao kimo chake ni sawa na pembe yenyewe. Pembe ikikua, grafu huanza kuinama chini ya mstari huo, na x³/6 ndiyo inayopunguzwa ili kuufuata mwinamo huo. Kijumbe cha x² hakipo, kwa sababu pembe ikibadilika alama sini nayo hubadilika alama, jambo ambalo x² haiwezi kulifanya.

Tuchukue nyuzi 30, ambazo sini yake tunaijua kuwa 0.5 kamili. Kwa radiani pembe hiyo ni 0.5236, kipeo chake cha tatu ni 0.1435, na tukigawanya kwa 6 tunapata 0.0239. Kadirio basi ni 0.4997, yaani limepungua kwa takriban 0.0003.

Hata hivyo, mtu anayekadiria kwa kawaida halijui jibu sahihi, hivyo anahitaji njia ya kulipima kosa bila jibu hilo. Njia ipo kwa sababu polinomia yetu ni mwanzo tu wa mfululizo usio na mwisho, x − x³/6 + x⁵/120 − x⁷/5040 na kuendelea, ambao ulijulikana katika shule ya hisabati ya Kerala, India, kabla haujagunduliwa upya Ulaya katika karne ya 17. Alama za vijumbe vyake hupishana, na maadamu vijumbe vilivyoachwa vinazidi kupungua, kosa halivuki ukubwa wa kijumbe cha kwanza kilichoachwa. Kwa nyuzi 30, x⁵/120 ni 0.000328, na kosa halisi ni 0.000326. Kwa kuwa kijumbe hicho ni chanya, tunajua pia kwamba kadirio limepungua, halikuzidi.

Kipeo hicho cha tano ndicho kinachoeleza kwa nini usahihi hupotea ghafla kuliko wengi wanavyotarajia: ukiizidisha pembe mara mbili, kosa huongezeka karibu mara 32. Kwenye nyuzi 15 kosa ni 0.00001 tu, kwenye nyuzi 60 limefika 0.01, na kwenye nyuzi 90 tunapata 0.925 badala ya 1. Kinachofuata si kukosea kidogo tena, kwani polinomia hii ilikwisha kufika kileleni kwenye nyuzi 81 hivi na kuanza kushuka, hivyo kwenye nyuzi 180, ambako sini ni sifuri, inatoa −2.03.

Ni vyema basi kuuweka mpaka kabla ya kuanza hesabu. Ikiwa kosa linalokubalika ni 0.0005, tunataka x⁵/120 isizidi kiasi hicho, yaani x⁵ isizidi 0.06, na hiyo inatupa x isiyozidi 0.57, au nyuzi 32 hivi. Ukitaka usahihi mara kumi zaidi, mpaka unarudi kwenye nyuzi 20.

Kwa pembe zilizo nje ya mpaka, wengi hukimbilia kuongeza vijumbe. Kwa maoni yangu, ni afadhali kwanza kuirudisha pembe karibu na sifuri. Sini ya nyuzi 150 ni sawa na ya nyuzi 30, kwa hiyo hakuna haja ya kuikokotoa moja kwa moja. Vivyo hivyo, sini ya nyuzi 60 ni kosini ya nyuzi 30, na kosini ina polinomia yake, 1 − x²/2 + x⁴/24. Tukiweka 0.5236 tunapata 0.86605, na thamani halisi ni 0.86603, wakati polinomia ya sini ikipewa nyuzi 60 zenyewe hutoa 0.8558.