Weupe juu ya tende: sukari au ukungu? Maswali tunayoulizwa kliniki

Tende zangu zimetoka weupe. Ni sukari, au zimeharibika?

Inaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, ndiyo maana usile kwa kukisia. Kwa wengi wanaokuja kwetu wakitapika baada ya kula tende, kuna mtu nyumbani aliyesema "hiyo ni sukari tu", akafuta kwa kitambaa, akagawa.

Sukari ya tende ikiganda huwa ni chembe ngumu. Mara nyingi hukaa chini ya ganda, kama vidoa vya rangi ya maziwa au ya manjano hafifu, na nyama ya tunda ukiipasua ina mchanga mchanga. Ukisugua kati ya vidole inakwaruza, haipeperuki. Harufu ya tende inabaki ile ile ya utamu.

Ukungu ni laini. Hukaa juu ya ganda, hupendelea pale kikonyo kilipong'oka, una nywele nywele au unga unaofutika, na rangi yake huanza nyeupe kisha huenda kwenye kijani, kijivu au nyeusi. Harufu yake ni ya chumba kilichofungwa wakati wa mvua.

Kipimo cha nyumbani: weka tende moja kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, uikoroge taratibu. Sukari huyeyuka, ganda likabaki safi. Ukungu hauyeyuki; utaona vinyuzi vikielea au utando unaoteleza. Usipime kwa kuonja.

Tende hupita hatua zipi hadi kuiva?

Wakulima wa tende huzigawa hatua nne zinazokuhusu wewe mlaji. Kimri ni mbichi, ya kijani, ngumu na chungu; haifai kuliwa.

Khalali ni ile iliyofikia ukubwa wake na kugeuka manjano au nyekundu, kutegemea aina. Ni ngumu na inakatika kwa kishindo mdomoni. Aina nyingi bado zinakaza ulimi katika hatua hii, ila aina chache kama Barhi ni tamu tayari, na hizo huliwa zikiwa za manjano.

Rutabu huanza kwenye ncha: unaona tende nusu manjano, nusu kahawia inayong'aa kama imeloa. Kisha tunda lote hulainika na ule ukali wa kukaza ulimi huisha. Hapa ndipo tende nyingi zinapokuwa tamu zaidi kuliwa, na hapa ndipo zinapoharibika upesi zaidi, kwa sababu karibu theluthi moja ya uzito wake, na mara nyingi zaidi ya hapo, bado ni maji.

Tamri imekauka hadi maji yake yako karibu asilimia 20 au chini. Rangi imekolea, ganda limekunjamana, nyama inatafunika. Hii ndiyo ya kuweka ghalani. Sukari imekuwa nyingi mno kulinganisha na maji, na ukungu unakosa maji ya kuishi.

Kwa hiyo mikunjo ni dalili kwamba tende imezeeka?

Mikunjo myembamba iliyoshikana na nyama ni dalili ya tunda lililokauka vizuri, na kwa kuhifadhi hiyo ndiyo unayoitaka. Watu hukwepa tende iliyokunjamana wakachukua iliyojaa na kung'aa, kisha wakaiweka kabatini miezi miwili. Wamechagua kinyume kabisa.

Wakati mwingine ganda huachana na nyama na kuvimba, likawa jepesi na la kuvunjika. Hilo hutokana na joto na unyevu wakati tunda linaiva, si ugonjwa. Unachopaswa kukiogopa ni ganda lililokunjamana lakini chini yake kuna ulaini wa kunata, linatoa povu au maji ukilibonyeza. Hapo tende imeanza kuchacha.

Kwa nini sukari igande kwenye tende zangu na si za jirani?

Aina laini, zinapoiva, sukari yake ya kawaida huvunjika ikawa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi. Glukosi ndiyo hupenda kuganda tende zikikaa muda mrefu. Aina kavu zaidi hubaki na sehemu kubwa ya sukari ya awali, kwa hiyo huenda usione hali hii kabisa. Tende iliyoganda sukari ni salama, imebadilika umbile tu. Ukitaka ilainike, iweke kwenye bakuli lililofunikwa juu ya mvuke dakika chache, chembe zitayeyuka. Ile uliyoipasha ule siku hiyo hiyo, usiirudishe kwenye akiba.

Nikifuta ukungu na kuosha kwa maji moto, si zinafaa?

Hapana. Unachokifuta ni sehemu iliyotoka nje kuzaa mbegu. Mizizi yake imeshaingia kwenye nyama, na tende ina uwazi katikati, kuzunguka kokwa, ambako ukungu mweusi hustawi bila wewe kuuona. Nimepasua tende zilizoonekana safi kabisa kwa nje, ndani kukawa na unga mweusi kama masizi. Kuosha nako kunaongeza maji kwenye tunda, yaani kunaupa ukungu kile kile ulichokuwa unakikosa.

Na nikizichemsha na maziwa, au nikasaga juisi?

Hapana tena. Moto unaua ukungu wenyewe, lakini baadhi ya aina za ukungu huacha sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kuchemshwa jikoni. Haina ladha wala harufu ya kukuonya. Usipotapika leo haina maana kwamba hukudhurika. Ikiliwa mara kwa mara huumiza ini polepole. Kusaga ni kubaya zaidi, maana tende moja mbovu inaenea kwenye jagi zima, na mara nyingi jagi hilo hupewa mtoto au mzee ambaye hana meno ya kutafuna. Tupa. Tafadhali, tupa. Uchungu wa fedha tunauelewa, lakini matibabu yatakugharimu zaidi ya boksi moja la tende.

Nimenunua boksi la kilo moja, zimechanganyika. Nifanye nini?

Zimwage kwenye sinia pana, mchana, penye mwanga. Tuseme umekuta hivi: nyingi zimekunjamana na kukauka, kiasi ni laini, zinang'aa na zinanatana, chache zina vidoa vyeupe, na mbili kwenye kona, palipoloa, zina manyoya.

Zile mbili zitupe kwanza, pamoja na zilizokuwa zimegusana nazo. Usijaribu kuokoa jirani yake kwa sababu inaonekana nzuri. Kisha chukua zenye vidoa, upasue kila moja kwa urefu na kutoa kokwa. Chembe zinazokwaruza ni sukari, tende hizo kula. Unga mweusi, utando, vinyesi vidogo vya wadudu au harufu ya siki, tupa.

Laini zinazong'aa ni rutabu, hata kama boksi limeandikwa tende kavu. Toa za kula wiki hii, ziweke friji kwenye chombo chenye mfuniko. Zilizobaki zigawe kwenye vifuko vidogo na kuzipeleka friza, nyuzi joto 18 chini ya sifuri. Humo hukaa miezi mingi bila kuharibika.

Zilizokunjamana ziweke kwenye chombo kikavu kinachofunga vizuri, mahali pa baridi, mbali na jiko. Zitakaa miezi kadhaa, na kwenye friji hata mwaka. Kama unaogopa wadudu, zipitishe friza siku 4 kabla ya kuzihifadhi, na uache chombo kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua, la sivyo matone ya maji yatajikusanya juu ya tende na utakuwa umezilowesha mwenyewe.

Kosa la kila siku ni kumwaga zote tena kwenye mfuko wa plastiki na kufunga fundo. Rutabu hutoa unyevu, plastiki inauzuia, tamri zinaunyonya. Baada ya siku chache boksi zima lina hali ya rutabu, na liko juu ya kabati penye joto.

Rutabu ikianza kuwa na ladha ya uchachu kidogo, si ndiyo utamu wake?

Si utamu wake. Rutabu nzuri ni tamu tupu. Ladha ya siki, harufu ya pombe, mapovu chini ya ganda au mfuko uliovimba ni hamira za porini zinazokula sukari. Ukionja uchachu, tema, na zilizobaki zisiende kwa mtu mwingine yeyote, hata kama yeye "tumbo lake ni gumu".

Mtoto amekula tende zenye ukungu, ametapika mara mbili. Nisubiri hadi kesho?

Kama alikula moja, ametapika kisha anacheza, anakunywa na anakojoa kama kawaida, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti kidogo kidogo kwa kijiko, endelea kumnyonyesha kama bado ananyonya, na umwangalie kwa karibu. Usimlazimishe kutapika. Usimpe mkaa, maziwa ya mgando, mafuta wala dawa ya kuzuia kuharisha.

Lakini usisubiri kesho ikiwa anatapika kila anachokunywa, amelegea au hawezi kunywa, macho yamedidimia, hajakojoa kwa saa 6, ana damu kwenye choo, amepata degedege, au macho yamekuwa ya manjano. Nenda sasa hivi, hata kama ni usiku. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, mama mjamzito, mzee na mgonjwa wa ini waje hata kwa dalili ndogo.

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka minne siku ya tatu. Siku ya kwanza aliambiwa tende haiwezi kumdhuru mtu. Siku ya pili aliambiwa mtoto "anasafisha tumbo". Alipofika, mtoto alikuwa hatoi machozi akilia, na ukimfinya ngozi ya tumbo ilichelewa kurudi. Alihitaji dripu na kulazwa, kwa hali ambayo siku ya kwanza ingetosha vijiko vya maji ya chumvichumvi.

Ukija, njoo na tende zilizobaki kwenye mfuko wao. Tutazipasua na kuziangalia, na tutajua kama wengine waliokula nyumbani nao waletwe.