Opsheni ya dola 35 ikigeuka hisa za dola 5,000

Anayenunua opsheni, yaani haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa hadi siku fulani, huambiwa kwamba hawezi kupoteza zaidi ya alicholipa. Ni kweli, ilmradi opsheni ibaki opsheni.

Marekani, shirika la OCC ndilo linalosimamia ulipaji wa mikataba hii. Opsheni ya hisa ikifika mwisho ikiwa na thamani ya angalau senti 1 kwa kila hisa, hutekelezwa yenyewe, isipokuwa mwenye nayo awe ameagiza vinginevyo kupitia dalali wake. Kinachopimwa ni bei ya kufunga soko dhidi ya bei ya mkataba, basi. Akaunti yako ina kiasi gani, hilo halimo kwenye hesabu.

Chukua opsheni moja ya kununua, bei ya mkataba dola 50, iliyonunuliwa kwa senti 35. Mkataba mmoja ni hisa 100, kwa hiyo zimetoka dola 35, na kwenye akaunti zimebaki dola 600. Ijumaa, dakika za mwisho, opsheni inauzwa senti 3 au 4. Mwenye nayo anaona haina maana kuhangaika, anaiacha ife. Hisa inafunga kwa dola 50.04. Haikufa: amenunua hisa 100 kwa dola 5,000, na salio lake sasa linasoma -4,400. Jumatatu soko likifunguka kwa dola 47.60 naye akauza hapo hapo, hisa zimemla dola 240. Ongeza zile 35, hasara ni dola 275, karibu mara nane ya alichodhani ndicho kikomo.

Upande wa opsheni ya kuuza, mimi naona ni mbaya zaidi. Asiye na hisa anajikuta ameuza hisa 100 za kukopa, na bei ikipanda hakuna dari.

Kuna mtego mwingine wa saa. Soko la kawaida hufunga saa 10 jioni, saa za New York, lakini hisa huendelea kuuzwa baada ya hapo. Habari mbaya ikitoka saa 10 na dakika 20 na bei ikashuka hadi dola 48, utekelezaji bado unafuata ile 50.04. Agizo la kutotekeleza linaweza kutolewa hadi saa 11 na nusu jioni, ila madalali wengi hufunga mlango mapema, na wengine hulipokea kwa simu tu. Ulizia saa hiyo kabla ya Ijumaa.

Kama huzitaki hisa, uza opsheni kabla ya kufunga, hata kwa senti 1. Dalali anayeona akaunti haitoshi anaweza kuiuza opsheni yako yeye mwenyewe katika saa ya mwisho, kwa bei yoyote atakayoikuta, lakini halazimiki kufanya hivyo. Na usitulie kwa sababu hisa iko dola 49.90 saa 9 na dakika 50: bei hupanda senti 11 kwa dakika moja.