Mwanakondoo mkubwa kuliko wote si lazima ndiye wa kubakiza

Ikifika Julai, wafugaji wengi ninaowahudumia kuanzia Kisongo hadi Monduli huwa wanaachisha kunyonya wana waliozaliwa masika. Huo ndio wakati wa kuamua majike gani wabaki kundini na gani wauzwe. Wengi huwasimamisha zizini na kumchagua mwenye mwili mkubwa. Jicho la mfugaji nalithamini sana, maana linaona kilema cha mguu au taya lililopinda kabla yangu. Kwa suala la ukubwa, hata hivyo, jicho hilohilo linampotosha, kwa sababu mkubwa zizini karibu kila mara ni yule aliyezaliwa pekee yake. Ziwa lote la mama lilikuwa lake. Mara nyingi tena amewatangulia wenzake kuzaliwa kwa wiki mbili au tatu. Mfugaji anayechagua hivyo kila mwaka anawaondoa mapacha kundini taratibu, kisha analalamika kwamba kondoo wake hawazai mapacha.

Dawa yake ni daftari. Kila mama awe na ukurasa wake wenye namba ya hereni, na humo iandikwe tarehe aliyozaa, amezaa wangapi, jinsia zao, uzito wao siku ya kuzaliwa, na uzito wao wakiwa na umri wa karibu siku 90. Mizani ya kuning'iniza inatosha kabisa.

Chukua mfano wa kundi la mama mmoja wa Olmotonyi, kondoo wekundu wa Kimaasai waliochanganyika kidogo na Dopa. Alikuwa na majike wawili na nafasi ya mmoja. Wa kwanza alizaliwa pekee akiwa na kilo 2.8, na siku ya 92 alikuwa na kilo 14. Wa pili ni pacha aliyezaliwa pamoja na dume, alizaliwa na kilo 2.2, na siku ya 84 alikuwa na kilo 11.5. Ukiwaweka pamoja, huyu wa pili anaonekana amedumaa.

“Daktari, huyu mfupi unamwonea huruma tu,” aliniambia.

“Hapana mama, tumpigie hesabu kwanza,” nikamjibu.

Kwanza tunawaweka kwenye umri mmoja. Toa uzito wa kuzaliwa kwenye uzito wa sasa, gawa kwa siku alizoishi, zidisha kwa 90, kisha rudisha uzito wa kuzaliwa. Wa kwanza anapata kilo 13.8, wa pili kilo 12.2. Pengo limeshapungua, na hatujagusa suala la maziwa. Kwa pacha aliyelelewa pamoja na mwenzake mimi huzidisha kwa 1.15, kufidia ziwa waliloligawana. Namba hii hutofautiana kidogo baina ya aina za kondoo, lakini kwa kuwalinganisha wana wa kundi moja inafaa. Wa pili sasa anafika kilo 14.0.

Tofauti hiyo ya gramu 200 sitaitegemea kuamua chochote, kwa kuwa hata mwanakondoo aliyetoka kunywa maji anaweza kuizidi. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa ukuaji hawa wawili wako sawa. Hapo ndipo nafungua kurasa za mama zao. Mama wa yule mkubwa alikuwa amezaa mara nne, kila mara mmoja, na mmoja kati yao alikufa kabla ya kuachishwa. Mama wa mapacha alikuwa amezaa mara tatu: mmoja, kisha mapacha, kisha mapacha tena, na wote watano walifika kuachishwa wakiwa hai. Tukambakiza huyo mfupi.

Naangalia uzazi kadhaa wa mama kwa sababu uwezo wa kuzaa mapacha hurithiwa kidogo tu. Katika tofauti tunazoziona kati ya jike na jike, karibu sehemu moja ya kumi ndiyo ya damu. Zilizobaki zinatokana na malisho, umri na hali ya mwili siku za kupandwa. Uzazi mmoja wa mapacha unaweza kuwa zawadi ya mvua nzuri za vuli. Jike wa uzazi wa kwanza nisingemhukumu kwa kuzaa mmoja, maana wengi huanza hivyo. Na kwa mfugaji wa nyanda kavu za Longido, mama anayeachisha mmoja mwenye afya kila mwaka ana faida kuliko anayezaa wawili na kuwazika wote kiangazi.

Wengi huniuliza kama jike aliyezaliwa pamoja na dume hatakuwa tasa. Hofu hiyo imetoka kwa ng'ombe, ambako ni ya kweli: zaidi ya tisa kati ya kumi ya ndama jike wa namna hiyo hawazai. Kwa kondoo na mbuzi hutokea mara chache mno, kwa hiyo usimuuze kwa sababu hiyo. Kwa mbuzi wa maziwa tahadhari iko kwenye pembe. Beberu asiyeota pembe kwa asili akimpanda jike asiyeota pembe, baadhi ya wana wa kike huzaliwa huntha: kwa mbali ni jike, ila ukimkagua chini ya mkia maumbile hayako sawa, naye hashiki mimba. Hakikisha mmoja wa wazazi ana pembe, au alizaliwa nazo zikachomwa.

Sasa wale wasiozaa. Nashauri dume akae na majike siku 45, muda unaotosha joto kurudi mara mbili, kwa kuwa kondoo hurudi kila siku 17 na mbuzi kila 21. Mpake dume kifuani udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, kila asubuhi. Jike aliyepandwa atabeba alama mgongoni, karibu na mkia. Baada ya siku 17 badilisha rangi. Anayepata alama ya pili hakushika mara ya kwanza. Wakipata alama ya pili wengi, usiwalaumu majike: shika korodani za dume uone kama zimelingana, ni ngumu kiasi na hazina uvimbe, kisha angalia kama majike wamekonda.

Jike mzima, mwenye mwili mzuri, aliyepandwa na dume ambaye wenzake wote wameshika, akafika mwisho wa msimu bila mimba, huyo aondoke. Kwa mtamba nitamvumilia msimu mmoja zaidi kama alipopandwa hakuwa amefika theluthi mbili ya uzito wa mama mzima. Aliyezaa akapoteza wana namkagua kiwele. Kikiwa na upande mgumu usiotoa maziwa, naye aondoke hata kama ameshazaa mapacha.

Aliyetupa mimba ni kesi nyingine. Wakifuatana wawili watatu, inaweza kuwa brusela, ugonjwa unaoambukiza hadi watu. Usishike kondo wala kitoto kwa mikono mitupu, chemsha maziwa, watenge, na mwite daktari wa mifugo kabla ya kuuza yeyote.

Tasa wa kweli kwa kawaida ndiye mnono kuliko wote, maana hakubeba mimba wala hakunyonyesha. Mpeleke mnada wa Meserani mapema, kabla kiangazi hakijala mwili wake, na umwambie mnunuzi waziwazi kwamba ni wa kuchinja. Nimewahi kumkuta jike wa aina hiyo, hereni ikiwa bado sikioni, kwenye zizi la jirani aliyemnunua kwa bei ya mbegu.