Wafanyakazi hewa wa "Kuhusu Sisi"

"Picha za wafanyakazi wa hii kampuni nimezikuta kwenye tovuti nyingine kabisa. Ina maana kampuni ni hewa?"

Inategemea picha inadai nini. Picha ya mapambo haithibitishi chochote, ila picha iliyobandikwa jina na cheo inaweza kuthibitisha mengi.

Hili niliwahi kulikosea vibaya. Shemeji yangu alitaka kununua pampu ya maji kwa duka fulani la Gerezani, Kariakoo. Nikaona kwenye tovuti yao dada wa mapokezi anayetabasamu, nikamkuta dada huyohuyo kwenye tovuti kadhaa za ng'ambo, nikatangaza kuwa hao ni matapeli. Shemeji hakunisikiliza, akaenda. Duka lipo, pampu zimejaa mpaka mlangoni. Aliyewatengenezea tovuti alichukua tu picha kwenye maktaba za picha kama Shutterstock au Unsplash, ambako picha moja hutumiwa na watu wengi kwa ruhusa halali. Wauza pampu hawakuwahi kusema kuwa yule dada ni wao, mimi ndiye niliyesema.

Mambo hubadilika pale chini ya sura kunapoandikwa "Mkurugenzi Mtendaji" na jina kamili. Hapo tovuti imetoa ushahidi, na ushahidi unapimika.

Kipimo ni kutafuta kwa picha: kwenye Chrome ya simu unabonyeza picha kwa muda, unachagua kuitafuta kwa Google Lens, au unaipakia kwenye tovuti ya TinEye. Wengi hudhani mtambo unamtambua mtu. TinEye haifanyi hivyo, inatambua picha. Fikiria mwuza kanga wa Mtaa wa Uhuru. Mwonyeshe kipande cha kanga kilichochuja, kimepungua ukubwa, hata jina limekatika, naye kwa kuangalia pindo na mji atakwambia ni kanga ipi. Hajui nani aliivaa. Mtambo nao huchukua mpangilio wa mwanga, giza na kingo za picha, ukautunza kama alama, kisha ukatafuta alama inayofanana. Ndiyo maana picha iliyopunguzwa au kubadilishwa rangi bado hupatikana, lakini mtu yuleyule akipigwa picha nyingine siku hiyohiyo, kwa mtambo hiyo ni kanga nyingine. Kuigeuza picha kushoto-kulia nako huweza kuupoteza, kwa hiyo usipopata kitu, igeuze na ujaribu tena.

TinEye ina kitufe cha kupanga matokeo kwa "Oldest". Tarehe inayoonyeshwa ni siku mtambo ulipoikuta picha mara ya kwanza, si siku ilipopigwa.

Mwaka huu binamu yangu alikuwa anataka kulipa shilingi 2,800,000 kwa wakala wa mizigo kutoka Guangzhou, mwenye tovuti nzuri na wafanyakazi sita. Mkurugenzi alipatikana haraka: kwingine ni daktari wa meno, kwingine ni mteja aliyeridhika na godoro. Sura moja, majina matatu. Wafanyakazi hewa waliosakwa serikalini mwaka 2016 walikuwa na majina yasiyo na watu. Huyu ana sura, majina ndiyo yanapokezana.

Wanne kati ya watano waliobaki hawakuonekana popote, na hapa ndipo wengi hupumua. Lakini sura iliyobuniwa na kompyuta haina asili ya kupatikana. Tovuti ya thispersondoesnotexist.com ilianza kumwaga sura kama hizo mwaka 2019, na zina kasoro ya ajabu: kwa kuwa kompyuta ilifundishwa kwa picha zilizopangwa macho yakae mahali pamoja, macho ya kila sura hutua karibu palepale. Tulifungua picha hizo moja baada ya nyingine kwa ukubwa uleule, nikaweka vidole viwili kwenye macho ya mhasibu. Wote wanne, macho yalijificha chini ya vidole. Hereni za mhasibu hazikulingana, na ukuta nyuma yake ulikuwa umevurugika kama rangi iliyomwagiwa maji. Ila picha ikikatwa upya dalili ya macho hupotea, na mitambo mipya haina kasoro hiyo. Dalili ikiwepo inasema kitu, isipokuwepo haisemi.

Wa sita alikuwa "Afisa Masoko", naye nilishindwa kumwamua. Huenda ndiye aliyekuwa akijibu WhatsApp.

Mwisho tukalitafuta jina la kampuni hiyo kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na lilikuwepo, limesajiliwa kihalali. Binamu akafurahi kidogo. Nikamwambia atafute namba ya kampuni hiyo kwa njia nyingine, si ile ya kwenye tovuti. Aliipata kwa jamaa anayefuga kuku. Mama aliyepokea alisema kampuni ni yao, wanauza chakula cha kuku Tandika, na tovuti hawajawahi kuwa nayo.