Waifai imejaa, kwa nini simu inang'ang'ania data dhaifu?

Wiki iliyopita nilifunga kipimajoto kwenye chumba baridi cha sangara, karibu na mwalo wa Kirumba. Kifaa hicho kinarusha waifai yake chenyewe, wala hakina intaneti. Unaunga simu, unafungua kivinjari, unaandika `192.168.4.1`, na nyuzi joto zinaonekana.

Jioni mama mwenye samaki akanipigia: "Fundi, waifai imejaa lakini ukurasa haufunguki." Nikamwomba atazame juu ya kioo. Alama ya waifai ilikuwa na mshangao pembeni, na data ya simu ilikuwa kijiti kimoja chenye herufi E. Kuta za chumba kile zina mabati pande zote mbili, kwa hiyo mawimbi ya mnara hayapenyi vizuri.

Watu wengi hudhani simu huchagua mtandao wenye nguvu. Nguvu si kigezo cha kwanza. Simu ya Android ikishaunga waifai, hutuma ombi dogo la majaribio, kwa kawaida huku:

```
http://connectivitycheck.gstatic.com/generate_204
```

Inasubiri jibu namba 204, yaani "nimekupata, sina cha kukutumia". Jibu hilo likija, waifai inahesabiwa kuwa na intaneti na ndiyo inayobeba kila kitu. Lisipokuja, simu inabaki imeunganishwa, ila mizigo yote inaipeleka kwenye data iliyokwisha kufaulu jaribio lile, hata ikiwa ya kusuasua.

Hapo ndipo mama yule alipokwama. Kivinjari chake kilikuwa kinaitafuta `192.168.4.1` kupitia mnara wa simu. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani tu, na huko nje hakuna wa kuzipokea. Kifaa kilikuwa hatua tatu kutoka aliposimama, na ombi lake halikukifikia kabisa.

Nikamwambia, "Zima data, mama, halafu jaribu tena." Ukurasa ukafunguka papo hapo, nyuzi 2. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini: ukizima data na ukurasa ukaja, kifaa ni kizima. Usipokuja, sasa kague kifaa chenyewe au anwani uliyoandika.

Simu nyingi huuliza pia kama ubaki kwenye mtandao huo usio na intaneti. Ukikubali, kivinjari kitapita kwenye waifai bila kuzima data. Lakini ukiweka na tiki ya kutoulizwa tena, simu italikumbuka jibu lako. Kila ukikaribia chumba kile itajiunga, na meseji za WhatsApp zitakwama kwa kuwa nazo zinapelekwa kwenye kipimajoto. Ikikutokea hivyo, ingia kwenye mipangilio ya waifai, usahaulishe mtandao huo, kisha uunge upya. Mama nimemwachia njia ya kuzima data, kwa sababu oda za wateja wake zinaingia kwa WhatsApp kutwa nzima.